Haisi au Kosta? Kuchagua basi dogo la abiria kwa kuhesabu nauli

Gari langu la kwanza la abiria lilikaa uani wiki tisa bila kubeba mtu. Nilikuwa nimenunua Haisi ya mizigo, nikang'oa mbao za ndani, nikafunga viti, nikapaka rangi, na baada ya yote hayo ndipo nikaenda kuomba leseni. Mkaguzi alilala chali juu ya boksi, akamulika tochi chini ya gari, akatoka na swali moja tu: "Mzee, hivi viti vimeshikwa na nini?" Vilikuwa vimeshikwa na bolti zenye washa ndogo, upana wa sarafu. Nikaambiwa nirudi navyo nyumbani.

Tangu siku hiyo mpangilio wangu haubadiliki. Naanza na leseni, nafuata kituo, halafu gari, na mwisho hesabu ya lini fedha itarudi. Wengi huanza na gari kwa sababu wameliona linauzwa, kisha hayo mengine wanayalazimisha yalifuate.

Hapa nitalinganisha magari mawili ambayo watu husitasita kati yake: basi dogo la viti 14 la aina ya Toyota HiAce, na basi la viti 28 hivi la aina ya Toyota Coaster. Nissan Caravan iko kundi moja na Haisi, na Nissan Civilian na Mitsubishi Rosa ziko kundi la Kosta, kwa hiyo hesabu ni ile ile. Bei nitazitaja kwa nauli badala ya fedha ya nchi yoyote. Nauli moja ni kile anacholipa abiria mmoja kwa safari moja ya njia yako. Ukishazoea kusema "tairi hii ni nauli 120", utaona biashara yako wazi kuliko ukitaja noti.

Hatua ya 1: Uliza leseni kabla ya kuuliza bei

Masharti hutofautiana nchi na nchi, hata njia na njia, lakini maswali ya kupeleka ofisi ya usafirishaji ni manne popote ulipo.

La kwanza ni idadi ya viti. Njia unayoitaka inapokea gari la viti vingapi, kwa uchache na kwa wingi? Zipo njia za katikati ya mji ambazo magari madogo hayapewi tena leseni mpya, na zipo njia nyembamba ambazo basi refu haliruhusiwi. Jibu la swali hili peke yake linaweza kukumalizia mjadala wa Haisi na Kosta bila kugusa daftari.

La pili ni umri. Mara nyingi kuna ukomo wa umri wa gari linaloingizwa nchini, na wakati mwingine upo ukomo mwingine wa gari linalobeba abiria. Huu wa pili ndio unaosahaulika. Ukinunua gari la miaka 12 mahali ambapo mwisho wa kubeba abiria ni miaka 15, umenunua miaka mitatu ya kazi, hata injini iwe nzima kiasi gani. Na atakayelinunua kwako baada ya hapo atalinunua kwa bei ya gari la mizigo.

La tatu ni matumizi yaliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Likiwa limeandikishwa kuwa la mizigo, uliza kubadilisha kunahitaji nini, nani anaidhinisha, na kama fundi wa bodi lazima awe na kibali. Usikubali jibu la mdomo la "hilo ni jambo dogo". Omba fomu ya ukaguzi yenyewe, ile ambayo mkaguzi huweka alama, uisome nyumbani ukiwa na futi ya kupimia. Humo utakuta nafasi ya magoti kati ya kiti na kiti, upana wa njia ya katikati, mlango wa dharura, mikanda, kizima moto na, sehemu nyingi, kidhibiti mwendo.

La nne ni leseni ya dereva. Kila nchi ina mstari wa viti ambao ukiuvuka dereva anahitaji daraja la juu. Ujue mstari ulipo. Gari linalouvuka kwa kiti kimoja linakulazimisha kutafuta madereva walio wachache na wanaolipwa zaidi, na siku dereva wako akiugua, hupati wa kushika usukani kwa siku mbili.

Hatua ya 2: Kaa kituoni na daftari

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua fedha itarudi lini. Nenda kituo cha mwanzo cha njia unayoitaka, siku mbili za kazi na Jumamosi moja, kuanzia gari la kwanza hadi usiku. Andika mambo matatu kwa kila gari: limeanza kupakia saa ngapi, limeondoka saa ngapi, limeondoka na watu wangapi. Siku moja panda gari la kwenda na la kurudi ili upime muda wa njiani.

Utagundua kwamba siku ina sura mbili. Asubuhi na jioni watu wanalisubiri gari. Saa zinazobaki gari linawasubiri watu. Na hata asubuhi, watu wamejaa upande mmoja tu. Gari linaloingia mjini limejaa hadi mlangoni hurudi karibu tupu, na jioni mambo yanageuka. Anayekuambia "njia hii ina watu, gari linajaa kila safari" amehesabu safari za kwenda tu.

Nichukue mfano wa njia ya kilomita 15 ambako magari hujaza ndipo yaondoke. Kipindi cha asubuhi kina urefu wa saa mbili na dakika 40, na cha jioni hivyo hivyo. Abiria wawili huingia kila dakika, basi Haisi inajaa kwa dakika 7 na Kosta kwa dakika 14. Pamoja na foleni ya barabarani, safari iliyojaa ya Haisi inakula dakika 50 na ya Kosta dakika 60. Kurudi ni dakika 40, na hapo hakuna anayesubiri kujaza: unawahi watu walioko upande wa pili. Katika kila kipindi, gari lolote kati ya hayo mawili linapata safari mbili zilizojaa na moja ya kurudi. Haisi inakusanya 14, kisha 5 za kurudi, kisha 14 tena: nauli 33. Kosta inakusanya 28, kisha 7, kisha 28: nauli 63. Ukijumlisha asubuhi na jioni, Haisi ina 66 na Kosta ina 126.

Hapo Kosta inapendeza. Sasa ije mchana.

Mchana abiria mmoja anakuja kila dakika tatu. Haisi inajaa kwa dakika 42, inatembea 38, na katika saa nane inapata safari 6 za watu 14, yaani nauli 84. Kosta ikitaka kujaza viti 28 itakaa kituoni dakika 84. Haikai, kwa sababu watu hawakai. Mtazame abiria anayeingia kwenye basi la viti 28 na kukuta vichwa sita: anasimama mlangoni, anahesabu kwa macho, anarudi nje kununua kitu dukani, na kwa kawaida harudi. Kondakta anajua hilo, kwa hiyo anaondoka na watu 18 hivi baada ya dakika 54. Safari nzima inakula dakika 95, zinapatikana safari 5, nauli 90.

Jumla ya siku ni nauli 150 kwa Haisi na 216 kwa Kosta. Viti ni mara mbili, lakini makusanyo hayafiki mara moja na nusu. Pengo hilo linazalishwa mchana, na huwezi kuliona kwenye tangazo la kuuza gari.

Njia yako inaweza kutoa jibu jingine. Kama magari yanaondoka kwa ratiba bila kusubiri kujaa, au kama unachukua mkataba wa wafanyakazi au wanafunzi unaolipwa hata kiti kikiwa kitupu, ile adhabu ya mchana inaondoka na Kosta inapaa. Kwa safari ndefu za mji hadi mji pia napendelea Kosta, maana dakika 30 za kupakia si kitu mbele ya saa nne za njiani, na mizigo inapata pa kukaa.

Hatua ya 3: Pima uzito, usipime viti

Sasa umeshajua ukubwa. Tuseme ni Haisi. Haisi nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika Japani zilikuwa za mizigo, zenye viti vitatu au sita. Zilizotoka kiwandani kama basi huitwa Commuter, na ni ghali zaidi. Swali ni kama tofauti hiyo ya bei ina maana, na jibu liko kwenye karatasi.

Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje kinaonyesha idadi ya watu, mzigo unaoruhusiwa, uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Wajapani huhesabu kila mtu kwa kilo 55. Chukua gari la mizigo lenye kilo 1,900 likiwa tupu, mzigo kilo 1,000 na viti 3: jumla inakuwa 1,900 na 1,000 na 165, yaani kilo 3,065. Huo ndio uzito ambao gari hilo limeandikiwa.

Fundi akiweka viti, vioo, zulia na reli za kushikia, gari linaongezeka kilo 200 hivi bila shida. Sasa tupu ni 2,100, zimebaki kilo 965. Pakia abiria 14, dereva na kondakta, wote kwa kilo 70: kilo 1,120. Umeshazidi kwa kilo 155 na hakuna aliyebeba hata mfuko. Mtu akisimama, au gunia likipanda juu, ni nyongeza juu ya hapo.

Gari halivunjiki siku hiyo. Linalipa polepole, kwa springi za nyuma zinazolala, breki zinazochemka mteremkoni, beringi za magurudumu na tairi. Ndiyo maana nasema gari la mizigo lililogeuzwa linaweza kufaa, lakini bei yake iwe chini ya Commuter kwa kiasi cha kulipia kazi ya bodi iliyofanywa sawasawa pamoja na springi nzito zaidi. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, chukua Commuter.

Angalia tairi pia. Kwenye ubavu wa tairi ya Haisi ya kazi, baada ya kipimo 195/80R15, utasoma 107/105. Nambari 107 maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 975. Wauzaji huvalisha gari tairi zenye kipimo hicho hicho lakini nambari 96, ambazo ni za kilo 710. Ukiziona nyuma ya gari la abiria, weka bei ya tairi nne kwenye mazungumzo, na ujiulize ni wapi pengine aliyeliandaa amebana matumizi.

Hatua ya 4: Ingia chini ya gari

Rangi mpya haikuambii kitu. Vaa nguo za kazi, beba tochi na bisibisi, na uanze na zile bolti zilizoniadhibu mimi. Kiti cha abiria kikifungwa kwenye sakafu ya bati kwa bolti na washa ndogo, siku gari likigonga, bolti inalichana bati na kiti kinaruka na waliokikalia. Chini ya sakafu kila bolti inapaswa kubanwa na bamba la chuma la upana wa kiganja, au kupita kwenye reli ya chuma inayovuka gari na kushikana na mihimili ya chini. Tundu lililotobolewa bila kuzibwa linapitisha maji, na kutu huanzia hapo, ikizunguka bolti kama pete ya kahawia. Ichokonoe kwa bisibisi. Ikiingia, sakafu imekwisha.

Kisha nenda mlango wa kuteleza. Ndio unaosema ukweli kuhusu maisha ya gari, kwa sababu kilomita kwenye dashibodi hurudishwa nyuma na roli za mlango hazirudishwi. Ufungue nusu, uushike kwa mikono miwili, uunyanyue. Ukipanda na kushuka kwa zaidi ya upana wa kidole, umefunguliwa mara nyingi kuliko wa gari la mizigo. Tazama roli ya chini na reli yake, na chini ya kipago ambapo maji na mchanga hukaa. Gari linaloitwa "la familia" lenye roli zilizolika na kipago kilichochomelewa upya lilikuwa kazini.

Pita pia kwenye matao ya magurudumu ya mbele, na juu ya kioo cha mbele kwenye mshono wa paa. Paa la juu lina mshono mrefu, na maji yakiingia hapo hushuka ndani ya nguzo. Gonga kwa kifundo cha kidole: bati linalia, simenti ya bodi inanyamaza.

Springi za nyuma za Haisi ni za majani. Simama mita tano nyuma ya gari tupu, sehemu ya usawa. Upande wa mlango ukiwa chini kuliko mwingine, hapo ndipo watu walikuwa wananing'inia.

Kosta hukaguliwa hivyo hivyo, ila muda mwingi utautumia kwenye bodi. Injini yake huvumilia, lakini basi refu linajikunja barabara ikiwa mbovu, na dalili huonekana kwenye pembe za madirisha na kwenye fremu ya mlango. Rangi ikiwa imepasuka kwenye pembe hizo, bodi inacheza.

Hatua ya 5: Injini ambayo fundi wako anaijua

Kwenye Haisi ya kizazi kilichoanza 2004, herufi za mwanzo za nambari ya chesi zinakuambia injini. TRH ni petroli: 1TR ya lita 2.0 au 2TR ya lita 2.7. KDH ni dizeli: 2KD ya lita 2.5 au 1KD ya lita 3.0. Za petroli zinatumia cheni ya taimingi, hizo za dizeli zinatumia mkanda ambao lazima ubadilishwe kwa wakati. Kama hakuna kibandiko wala risiti ya lini mkanda ulibadilishwa, hesabu kwamba haukubadilishwa, na uweke bei yake kwenye ununuzi.

Dizeli inaokoa mafuta. Kwa kilomita 180 kwa siku, tuseme dizeli inakula lita 11 kwa kilomita 100 na petroli ya lita 2.7 inakula 14. Tofauti ni lita 5 na nusu hivi kwa siku. Lita ikiwa nauli 2, ni nauli 11 kwa siku, au 264 kwa mwezi wa siku 24. Si haba. Lakini dizeli hizi hupuliza mafuta kwa shinikizo kubwa sana, na nozeli zake hazina uvumilivu na mafuta machafu. Seti ya nozeli nne inaweza kumeza akiba ya miezi mingi kwa siku moja.

Kwenye 1KD kuna ugonjwa mafundi wanaoujua vizuri: washa za nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililoko kwenye sampu, oili haipandi, injini inajiua. Dalili ya kutafuta ni taa ya oili inayochelewa kuzimika unapowasha gari asubuhi. Kwa hiyo fika kabla muuzaji hajaliwasha. Gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, ameificha baridi yake, rudi kesho. Ukiliwasha likiwa baridi, sikiliza mgongano wa chuma kwa dakika ya kwanza, kisha fungua kifuniko cha oili na ukiweke juu ya tundu kimegeuzwa. Kikiruka au kucheza ngoma, injini inapumua, pistoni zimechoka.

Msimamo wangu ni huu: kama mafuta ya mahali ulipo ni safi na kuna gereji yenye mashine ya kupimia nozeli, chukua dizeli. Kama moja kati ya hayo mawili halipo, chukua petroli na uvumilie ile nauli 11 kwa siku. Kosta za zamani zenye 1HZ, dizeli ya silinda sita ya lita 4.2 isiyo na tabo, hazina kesi hiyo, maana pampu yake ni ya kimakanika tupu. Ni nzito kupanda mlima na inavuta mafuta, lakini nimeona fundi akiitengeneza chini ya mwembe.

Hatua ya 6: Fedha itarudi lini

Sasa rudi kwenye daftari. Haisi inakusanya nauli 150 kwa siku. Inatembea kilomita 180, inakunywa lita 20, ambazo ni nauli 40. Dereva na kondakta 30. Ushuru wa kituo na kuosha 8. Weka pembeni 18 kwa tairi, breki, oili na ile siku ya klachi. Bima, leseni na ukaguzi wa mwaka ukivigawa kwa siku za kazi ni 8. Jumla 104. Inabaki 46.

Kosta inakusanya 216. Inatembea kilomita 165 na kunywa lita 30, yaani nauli 60. Watu wa gari 34, kituo 10, matengenezo 26, bima na leseni 12. Jumla 142. Inabaki 74.

Siku za kazi weka 24 kwa mwezi, siyo 30. Kuna siku za kupumzisha gari, za sevisi, na za matatizo. Haisi inakuachia 1,104 kwa mwezi na Kosta 1,776. Kama Haisi hadi kuingia barabarani, pamoja na viti, leseni na tairi, imekugharimu nauli 20,000, itarudisha fedha kwa miezi 18. Kosta ya 36,000 itarudisha kwa miezi 20 na kidogo.

Zinakaribiana mno kuamua, na hapa ndipo siku za gereji zinaingia. Ondoa siku tatu kila mwezi kwa Kosta, tuseme spea lazima ziagizwe kutoka mbali: mwezi unashuka hadi 1,554 na marejesho yanasogea hadi miezi 23. Haisi ikipoteza siku hizo hizo inafika karibu miezi 21. Lakini spea za Haisi mara nyingi ziko dukani siku hiyo hiyo, kwa hiyo haipotezi nyingi kiasi hicho. Kabla ya kununua, fanya jaribio dogo: piga simu maduka matatu ya spea na uulize roli ya mlango, pedi za mbele, pampu ya maji na kioo cha mbele cha gari unalolitaka. Ukiambiwa "tunaagiza" mara mbili kati ya nne, ongeza siku mbili za gereji kwa mwezi kwenye hesabu yako.

Kama unanunua kwa mkopo, rejesho la mwezi lisizidi kile gari linachoacha katika siku 18 za kazi. Kwa Haisi ya mfano wetu ni nauli 828. Likizidi hapo, mwezi mmoja mbaya utakufanya uchukue fedha ya tairi kulipa benki, na kuanzia hapo gari linajila lenyewe. Usisahau pia kwamba fedha uliyoitoa mfukoni inarudi pamoja na thamani ya gari lenyewe siku ukiliuza. Haisi yenye kadi safi na umri uliobaki hupata mnunuzi upesi. Kosta humngoja mwenye mtaji.

Jambo la mwisho ni namna ya kulipa. Nikinunua gari ambalo tayari limegeuzwa kuwa la abiria, nagawa malipo mara mbili kwa maandishi: sehemu kubwa siku ya kukabidhiwa gari, na iliyobaki, angalau sehemu moja ya kumi, siku litakapopita ukaguzi wa abiria kwa jina langu. Mwenye gari safi hunung'unika kidogo kisha akatia saini. Mmoja aliwahi kunikatalia kabisa, akasema ukaguzi ni shauri langu. Niliinama, nikamulika chini ya kiti cha nyuma, nikaziona zile washa za upana wa sarafu.